Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kurejeshewa Fedha za Mchezo Ulionunuliwa Steam

Nina chumba cha michezo ya kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na karibu kila wiki huingia mtu akiwa ameshika simu yenye barua pepe ya kukataliwa marejesho, akitaka nimweleze alikosea wapi. Maswali yao yanafanana sana, hivyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Yanahusu michezo ya kompyuta inayonunuliwa kwenye duka la mtandaoni la Steam peke yake. Michezo ya simu na ya koni ina taratibu zake, na anayezichanganya hupoteza muda wake bure.

Nani anastahili kurejeshewa fedha?

Valve, kampuni ya Marekani inayomiliki Steam, ilianzisha utaratibu huu Juni 2015. Mnunuzi hurejeshewa fedha ya mchezo kwa sababu yoyote ile ikiwa ametimiza masharti mawili kwa pamoja: ombi limetumwa ndani ya siku 14 tangu siku ya kununua, na mchezo umechezwa kwa muda usiofika saa 2. Nasema "kwa pamoja" kwa makusudi, kwa kuwa wengi huja wakiwa wametimiza sharti moja na kudhani kwamba linatosha. Aliyenunua jana na kucheza saa tano amevuka mpaka, na aliyenunua miezi miwili iliyopita bila kuufungua mchezo hata mara moja naye amevuka.

Kuna jambo la lugha ambalo limeshanichekesha mara mbili. Tunapoandika "saa 2" katika ukurasa huu, tunakusudia muda wa dakika 120. Hatusemi saa mbili usiku. Mteja wangu mmoja aliwahi kukimbia kutuma ombi kabla ya isha akiamini kwamba dirisha hufungwa saa mbili.

Siku 14 zinaanza kuhesabiwa lini?

Zinaanza siku ile fedha inapolipwa. Kupakua hakuzianzishi, wala kuufungua mchezo kwa mara ya kwanza. Watu wa huku huumizwa na kanuni hii kuliko inavyowaumiza wenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, kwa sababu mazoea yetu ni kununua mchezo mshahara unapoingia na kusubiri fedha nyingine ya bando kubwa la kuupakulia. Chukua mtu aliyenunua tarehe 28 Juni, akapata bando tarehe 11 Julai, na kwa kuwa mchezo una ukubwa wa GB 60, upakuaji ukamalizika alfajiri ya tarehe 13. Siku zake 14 zilikwisha tarehe 12. Hajacheza hata dakika moja, lakini ameshatoka nje ya kanuni, na sasa anategemea huruma ya mtu atakayelisoma ombi lake.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kuwa na njia ya kupakua. Ukihofia kuusahau mchezo, uweke kwenye orodha ambayo katika Steam imeandikwa `Wishlist`. Utakaa huko bila gharama, na utaarifiwa bei yake ikipunguzwa.

Muda wa saa 2 unahesabiwaje hasa?

Hapa ndipo maombi mengi yanapozama. Steam haijui kama unafurahia mchezo, kama uko ukurasa wa kwanza au kama umekwenda kununua urojo. Inachojua ni kwamba programu ya mchezo imewashwa, na maadamu imewashwa, dakika zinahesabika. Muda wa kupakua hauhesabiwi, kwa kuwa wakati huo mchezo wenyewe haujawashwa. Muda wa kukaa kwenye menyu unahesabiwa. Muda wa kusubiri mchezo uandae picha zake pale unapofunguliwa mara ya kwanza, ambao kwenye kompyuta dhaifu unaweza kuwa mrefu, unahesabiwa pia.

Mtego mkubwa zaidi upo kwenye michezo ambayo, baada ya kubonyeza `Play`, hufungua kwanza programu nyingine ya kampuni iliyoutengeneza, yenye kutaka ujisajili, uthibitishe barua pepe na wakati mwingine upakue mafaili mengine. Kwa macho ya Steam mchezo umeshawashwa. Ukipakua ndani ya programu ile kwa dakika 50, dakika hizo ni za mchezo, hata kama hujamwona mhusika wala kusikia muziki wake.

Halafu kuna marafiki. Saa inahesabiwa kwa akaunti, haijali nani ameketi kwenye kiti. Katika chumba changu mtu hufungua mchezo mpya, wenzake wakamzunguka, mmoja akasema "hebu na mimi nijaribu kidogo", kisha mwingine, kisha wa tatu. Mwenye akaunti amecheza robo saa, lakini akaunti imecheza saa moja na nusu. Kama unaujaribu mchezo ili kuamua kama utabaki nao, ujaribu peke yako.

Hakikisha pia kwamba mchezo umefungwa kweli. Wakati mwingine dirisha la mchezo hutoweka lakini programu ikabaki inaendelea chini kwa chini. Utaijua kwa kuangalia kitufe kilicho kwenye ukurasa wa mchezo katika maktaba yako: kikiwa kimeandikwa `Play`, mchezo umefungwa, kikiwa bado kimeandikwa `Stop`, saa inakwenda. Bonyeza `Stop` mwenyewe, na usiondoke mpaka kirudi `Play`.

Muda uliokwisha kutumika unaonekana kwenye ukurasa huohuo wa maktaba na kwenye wasifu wako. Unapoandikwa kwa nukta, usome kwa uangalifu: 1.6 ni saa moja na dakika 36, si saa moja na dakika 60. Kosa hili dogo limewafikisha watu dakika ya 121.

Mchezo unakatika katika kwenye kompyuta yangu, na nimeshapita saa 2 nikijaribu kuurekebisha. Je, niombe?

Omba. Kanuni yenyewe inasema kwamba hata aliye nje ya masharti anaweza kutuma ombi, nao wataliangalia. Lakini ufahamu kwamba hapo umehama. Ndani ya masharti mawili marejesho ni haki ya mnunuzi, na nje yake ni uamuzi wa anayelisoma ombi.

Tuchukue mfano wa kijana wa Makorora, tuseme amenunua mchezo wa dola 19.99 tarehe 4. Kompyuta yake mpakato ina RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GB 4, na amesoma sehemu iliyoandikwa `System Requirements` kabla ya kununua, akaona kwamba kiwango cha chini kinafikiwa. Anabonyeza `Play`, inafunguka programu ya watengenezaji, anasajiliwa na kupakua mafaili ya ziada kwa dakika 50. Mchezo unaanza, na unapofika sehemu ya kwanza ya mapigano unajifunga. Anarudia mara nne, kila mara kama dakika 10, akibadilisha mipangilio ya picha. Jumla imefika dakika 90. Hapo adhana ya magharibi inasikika, anauacha mchezo ukipakia na kwenda msikitini, na anaporudi baada ya dakika 35 anaukuta umesimama palepale.

Jumla yake ni dakika 125, ambazo wasifu utaziandika 2.1. Hajacheza kwa maana yoyote ya kawaida ya neno hilo, lakini amevuka kwa dakika tano, na dakika zilizomvusha ni zile ambazo hakuwepo hata chumbani.

Tazama sasa alipokuwa na nafasi. Kwenye dakika ya 90, kabla ya adhana, alikuwa na haki isiyohitaji maelezo. Kama angeufunga mchezo, akatafuta suluhisho wakati umefungwa, akasasisha draiva za kadi ya picha wakati umefungwa, kisha akarudi kujaribu mara moja tu, angebaki na dakika zaidi ya 15 mkononi. Huo ndio utaratibu ninaowafundisha wanaokuja chumbani kwangu: tatizo la kwanza likitokea, funga. Matengenezo yote yafanyike mchezo ukiwa umefungwa. Ukifika dakika ya 90 bado haujakaa sawa, omba marejesho kwanza. Ukija kusikia kwamba watengenezaji wamerekebisha hitilafu, utaununua tena.

Kwa dakika zake 125, ombi lake bado lina uzito, kwa kuwa kuna hitilafu ya kweli na muda uliozidi ni mdogo. Mtu mwenye tatizo hilohilo na saa 9 za kucheza yuko katika hali tofauti kabisa. Msomaji wa ombi atajiuliza mchezo usiofanya kazi ulichezwaje kwa saa tisa.

Ombi linatumwa wapi na kwa hatua gani?

Fungua `help.steampowered.com` kwa kivinjari, au nenda sehemu ya msaada ndani ya programu ya Steam, na uingie kwa akaunti ileile iliyonunua. Chagua `Purchases`, ambapo utaona manunuzi yako ya karibuni, kisha bonyeza mchezo unaohusika. Katika orodha ya matatizo chagua `I would like a refund`, halafu `I'd like to request a refund`. Utaulizwa fedha irudi wapi: kwenye pochi ya akaunti yako, iliyoandikwa `Steam Wallet`, au kwenye njia uliyolipia. Utachagua sababu, utaandika maelezo, na utabonyeza `Submit request`.

Barua pepe ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa hufika kwenye anwani iliyosajiliwa na akaunti. Kama ulitumia anwani ya kaka yako au ya fundi aliyekufungulia akaunti, ni yeye atakayeisoma. Rekebisha hilo kabla ya kununua chochote.

Nawasihi pia msiombe kwa kuandika maoni mabaya chini ya mchezo wala kwa kumwandikia mtengenezaji wake. Fedha ilipokelewa na Steam, na Steam ndiyo inayorejesha.

Niandike nini kwenye sehemu ya maelezo?

Ukiwa ndani ya siku 14 na chini ya saa 2, sentensi moja yatosha: mchezo haukuwa nilivyotarajia. Huna haja ya kujitetea, wala ya kutunga msiba. Nimewahi kusoma ombi la kijana aliyecheza dakika 40 tu, naye akaandika aya nne kuhusu bibi yake mgonjwa. Alirejeshewa, lakini angerejeshewa hata bila bibi.

Maelezo yana kazi pale tu unapokuwa nje ya masharti. Kiswahili hakimo katika lugha za programu ya Steam, kwa hiyo andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Maudhui yake, kwa kijana wetu wa Makorora, yangekuwa hivi:

*Nilinunua mchezo huu tarehe 4. Muda unaoonekana ni dakika 125, lakini dakika 50 zilitumika kupakua mafaili ndani ya programu ya watengenezaji, na dakika 35 mchezo ulikuwa umekwama ukipakia. Unajifunga kila mara kwenye pambano la kwanza. Nimejaribu mara nne. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GB 4, ambayo inafikia kiwango cha chini kilichotajwa. Nimebadilisha mipangilio ya picha bila mafanikio. Naomba kurejeshewa fedha.*

Maelezo haya yanakiri muda wenyewe kabla ya kukamatwa nao, kisha yanaugawa. Msomaji ana tarakimu zako mbele yake, hivyo anayeandika "sijacheza kabisa" huku mfumo ukionyesha 2.1 amejiharibia ombi kwa sentensi ya kwanza. Yanataja mahali mchezo unapojifungia. Yanataja kompyuta. Hayana tusi, wala hayana kitisho cha kwenda mahakamani, ambacho nimekiona katika maombi ya michezo ya dola tano.

Usiandike jambo lisilo la kweli. Mbali na kwamba ni kosa, rekodi ya akaunti yako iko upande wao, na uongo huonekana hapohapo.

Mbona nilikuwa ndani ya muda wote na bado nimekataliwa?

Kabla ya kulalamika, chunguza mambo machache. Je, ulichonunua ni mchezo, au ni sarafu na vifaa vya ndani ya mchezo? Je, ulinunua Steam yenyewe, au ulinunua namba ya kufungulia mahali pengine? Je, akaunti yako imewahi kufungiwa katika mchezo huo kwa udanganyifu? Mfumo wa Steam wa kuzuia udanganyifu unaitwa VAC, na mchezaji aliyefungiwa nao katika mchezo fulani hupoteza haki ya kurejeshewa fedha ya mchezo huo, hata kama aliununua asubuhi hiyohiyo.

Kwa michezo iliyonunuliwa kwa furushi, saa 2 ni za michezo yote ikijumlishwa. Ukicheza mmoja dakika 70 na mwingine dakika 60, furushi zima limeshavuka, ijapokuwa hakuna mchezo uliofika dakika 120.

Nilinunua namba ya mchezo kwa muuzaji mwingine kwa bei ya chini. Steam watanirejeshea?

Hapana. Valve hairejeshi fedha ya ununuzi uliofanyika nje ya Steam, ziwe ni namba za kufungulia mchezo au kadi za kujaza pochi zilizouzwa na wengine. Sababu yake haina ugumu, kwani fedha hiyo haikuwafikia wao kutoka kwako.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua namba ya mchezo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa chini ya nusu ya bei, nikaambiwa kwamba namba imeshatumika, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Sikuwa na pa kushitaki. Ukinunua kwa njia hiyo, masharti ya marejesho ni ya muuzaji yule, na uyasome kabla ya kulipa.

Vipi kuhusu nyongeza za mchezo na sarafu za ndani yake?

Nyongeza, yaani sehemu mpya au wahusika wapya wanaouzwa peke yao, hurejeshwa ndani ya siku 14 ikiwa mchezo wenyewe haujachezwa saa 2 tangu nyongeza inunuliwe, na ikiwa nyongeza haijatumika kwa namna isiyorudishika. Neno "tangu" ni muhimu. Umecheza mchezo kwa saa 300 kabla ya hapo? Hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni zile zilizofuata ununuzi wa nyongeza.

Sarafu na vifaa vya ndani ya mchezo vina dirisha finyu zaidi. Katika michezo iliyotengenezwa na Valve yenyewe ni saa 48 tangu kununua, maadamu hujavitumia, hujavibadilisha wala hujampa mtu. Katika michezo ya kampuni nyingine, inategemea kama kampuni hiyo imeruhusu marejesho ya aina hii, na wakati wa kulipa utaonyeshwa kama kifaa unachonunua kinaweza kurejeshwa. Wengi hulipita tangazo hilo bila kulisoma, kisha hunijia mimi.

Nimelipia mchezo ambao haujatoka. Naweza kubadili nia?

Unaweza, wakati wowote kabla haujatoka. Siku 14 na saa 2 huanza siku ya kutoka. Jihadhari na matoleo ya bei kubwa yanayokuruhusu kuanza kucheza siku chache mapema, kwani tangu Aprili 2024 muda unaochezwa katika kipindi hicho cha mapema unahesabiwa katika saa 2.

Nimenunua leo, kesho bei imeshuka. Je, ni udanganyifu kurudisha na kununua upya?

Si udanganyifu, na kanuni yao imelisema jambo hili waziwazi. Ilimradi uko ndani ya masharti mawili, omba marejesho, subiri fedha irudi, kisha nunua kwa bei mpya. Uangalie tu kwamba kipindi cha punguzo hakitaisha kabla fedha haijafika. Kwa ajili hiyo, kuchagua fedha irudi kwenye pochi ya Steam kuna faida.

Ndugu yangu aliye Maskati amenitumia mchezo kama zawadi. Nani aombe?

Kama hujaipokea zawadi, aliyenunua anaweza kuomba kwa masharti ya kawaida. Ukishaipokea ikaingia kwenye maktaba yako, ni wewe unayepaswa kuanzisha ombi, kwa masharti yaleyale ya siku 14 na saa 2. Fedha, hata hivyo, itarudi kwa aliyelipa. Nalisema hili kwa sababu nimeona undugu ukitikiswa na mtu aliyetarajia dola 30 ziingie kwake.

Nikiomba marejesho mara nyingi, nitazuiwa?

Unaweza kuzuiwa. Hakuna idadi iliyotangazwa. Valve inasema kwamba marejesho yamewekwa ili kumwondolea mnunuzi hatari ya kununua asichokijua, na kwamba hayakuwekwa ili mtu apate michezo ya bure. Ikiona mtu anautumia vibaya utaratibu, inaweza kuacha kumrejeshea. Mwenye mazoea ya kununua mchezo mfupi unaomalizika kwa dakika 100, akaumaliza na kuurudisha, kisha wiki inayofuata akafanya hivyohivyo, anaacha alama inayosomeka kwa urahisi. Aliyerudisha michezo mitatu kwa mwaka kwa sababu kompyuta yake haikuiweza hana la kuogopa.

Ombi limekataliwa. Nitume tena, au niende benki nikaizuie fedha?

Unaweza kutuma tena. Lakini kutuma maneno yaleyale kwa matumaini kwamba safari hii atasoma mtu mwenye moyo mwepesi hakuna maana kubwa. Tuma tena ikiwa una jambo jipya: hukutaja kwamba mchezo unajifunga, hukutaja muda uliopotea katika programu ya watengenezaji, au watengenezaji wenyewe wametangaza kwamba kuna hitilafu inayowagusa wenye kompyuta kama yako.

Benki ni habari nyingine. Ukimwomba mtoa kadi aupinge muamala ambao uliufanya mwenyewe kwa hiari, Steam huiwekea akaunti yako vizuizi mpaka suala limalizike, na unaweza kujikuta huwezi kununua kitu. Kwa mchezo wa shilingi elfu hamsini, mtu anaiweka hatarini maktaba aliyoijenga kwa miaka sita. Njia hiyo iachiwe muamala ambao hukuufanya kabisa, yaani kadi iliyoibwa au akaunti iliyovamiwa, na hata hapo waarifu Steam kwanza.

Ombi limekubaliwa lakini fedha siioni, au imerudi pungufu. Kwa nini?

Wanaporuhusu marejesho, huahidi kuyatoa ndani ya wiki moja, na wanaonya kwamba njia za malipo za kimataifa zinaweza kuchukua muda zaidi. Fedha inayorudi kwenye pochi ya Steam hufika upesi kuliko ile inayopitia kadi na benki.

Upungufu hutokana na dola. Sisi tunaona bei za Steam kwa dola, na kadi yetu hutoa shilingi. Rudi kwa kijana wetu na mchezo wake wa dola 19.99. Tuseme siku aliyonunua mtoa kadi alihesabu dola moja kwa shilingi 2,600. Alikatwa shilingi 51,974. Tuseme siku marejesho yalipoingia, dola ilihesabiwa kwa shilingi 2,550; aliingiziwa shilingi 50,974. Steam imemrudishia dola zake zote 19.99, na shilingi 1,000 zimepotelea njiani katika kubadilisha fedha. Kama mtoa kadi alitoza na ada ya muamala wa nje, ada hiyo nayo ni ya mtoa kadi, na Steam haihusiki nayo. Bando ulilopakulia GB 60 halirudishwi na yeyote.

Anayejua kwamba atanunua mchezo mwingine hivi karibuni afadhali achague pochi ya Steam, kwa kuwa dola hubaki dola. Anayeihitaji fedha kwa matumizi ya nyumbani achague njia aliyolipia.

Nililipa kwa kadi ya muda niliyoitengeneza kwenye simu, na nimeshaifuta. Fedha itakwenda wapi?

Kadi nyingi za mtandaoni zinazotengenezwa kupitia akaunti ya fedha za simu huweza kufutwa na kutengenezwa upya kwa dakika chache, na watu huzifuta mara baada ya kununua, kwa usalama. Ni tabia nzuri ya kujikinga na wizi, ila ni mbaya kwa marejesho. Steam ikishindwa kurudisha fedha kwenye njia uliyolipia, huiweka kwenye pochi ya akaunti yako. Ikiwa kwa upande wao imeshatoka na kadi haipo tena, itabidi umfuatilie mtoa kadi ukiwa na tarehe, kiasi kwa dola na barua pepe ya Steam inayoonyesha kwamba marejesho yametolewa. Kwa hiyo iache kadi hai kwa siku 14 baada ya kununua, na kama umeomba marejesho, mpaka fedha iingie. Ukihofia wizi, acha salio lake likiwa sifuri.